Mshale usomwe kama sentensi: niliyojifunza katika kutathmini ramani za dhana

Nimefundisha Sayansi darasa la sita kwa muda wa kutosha kuona ramani nyingi za dhana zikisahihishwa kwa kuhesabu miduara. Mwanafunzi aliyejaza ukurasa hupewa alama nyingi, na mwenye miduara michache hupewa chache. Mimi husahihisha kwa njia nyingine, nayo inaanza na jambo dogo: katika ramani ya dhana, maarifa ya mwanafunzi hayakai ndani ya miduara. Maneno yaliyo kwenye miduara mara nyingi ni yetu walimu, tumeyaandika ubaoni sisi wenyewe. Yanayotoka kwa mwanafunzi ni mishale, na hasa maneno machache anayoyaandika juu ya kila mshale, kwa sababu hapo ndipo anapolazimika kusema kitu kimoja kinahusianaje na kingine. Mduara, mshale wenye maneno, na mduara wa pili vikisomwa kwa pamoja hufanya kauli, na kauli huweza kuwa ya kweli, ya uongo, au ya kweli isiyoeleza lolote.

Ramani za aina hii zilianzia Chuo Kikuu cha Cornell nchini Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1970, wakati Joseph Novak na wenzake walipokuwa wakifuatilia jinsi watoto wanavyoelewa sayansi mwaka baada ya mwaka. Walikuwa na mahojiano mengi yaliyorekodiwa, na walihitaji njia fupi ya kuonyesha kile mtoto anachokijua na jinsi alivyokiunganisha. Baadaye, mwaka 1984, Novak na Bob Gowin walipendekeza utaratibu wa kutoa alama: 1 kwa kila kauli sahihi, 5 kwa kila ngazi sahihi ya mpangilio kutoka dhana pana hadi dhana finyu, 10 kwa kila kiungo mtambuka chenye uzito, yaani mshale unaounganisha tawi moja la ramani na tawi jingine, na 1 kwa kila mfano. Utaratibu huo una busara ndani yake, hasa katika kuvipa viungo mtambuka uzito mkubwa kuliko vitu vingine vyote. Lakini si kila mada ina ngazi. Uainishaji wa wanyama unazo. Usanisinuru ni mchakato, na kumtafutia mtoto ngazi katika mchakato ni kumwadhibu kwa umbo la mada yenyewe.

Nitaeleza kwa mfano wa mada hiyohiyo ya usanisinuru, kwa kuwa ndiyo iliyonifunza zaidi. Swali elekezi nililolipa darasa lilikuwa: Mmea wa kijani hujipatiaje chakula chake? Ubaoni niliandika maneno 12: mmea wa kijani, jani, mizizi, udongo, maji, stomata, kabonidayoksaidi, oksijeni, mwanga wa jua, umbijani, glukosi na wanga. Kila mmoja aliyapanga apendavyo, akachora mishale na kuandika maneno juu yake. Kabla ya kukusanya kazi zao nilikuwa nimekwisha kuandika kwenye daftari langu miunganisho sita ambayo bila hiyo swali halijajibiwa: jinsi maji yanavyotoka udongoni hadi kwenye jani, jinsi kabonidayoksaidi inavyoingia kwenye jani, uhusiano wa umbijani na mwanga, maji na kabonidayoksaidi kuwa glukosi, glukosi kuwa wanga, na oksijeni kutolewa. Kila muunganisho una alama kuanzia 0 hadi 3. Sifuri ni kwa kauli isiyo ya kweli, mshale usio na maneno, au muunganisho usiokuwepo kabisa. Moja ni kwa kauli yenye ukweli nusu, au yenye maneno mapana kiasi kwamba yanaweza kubandikwa popote, kama vile "inahusiana na". Mbili ni kwa kauli ya kweli inayotaja tu. Tatu ni kwa kauli ya kweli inayoonyesha namna jambo linavyotokea au sababu yake.

Nasisitiza kwamba miunganisho hiyo niliiandika kabla ya kuona kazi yoyote. Mwalimu anayesoma ramani bila kujua anatafuta nini huvutwa na mwandiko mzuri na rangi. Vilevile, orodha hiyo si ramani ya mwalimu ambayo mtoto anapaswa kuinakili. Mwanafunzi aliyeandika kwamba maji hupanda kupitia shina na mwingine aliyeandika kwamba mizizi huyasafirisha hadi kwenye jani wamesema jambo lilelile, hata kama mishale yao haifanani.

Sasa tazama ramani mbili kati ya zile nilizokusanya. Ya kwanza ilichorwa na mvulana mmoja, nayo ilikuwa safi, yenye mishale 13. Tisa kati yake ilitoka kwenye mduara wa katikati, Mmea wa kijani: "una mizizi", "unahitaji maji", "unahitaji mwanga wa jua", "unahitaji kabonidayoksaidi", "unahitaji udongo", "hutoa oksijeni", "hutengeneza glukosi", "hutengeneza wanga". Wa tisa uliandikwa "una jani". Kutoka kwenye jani kulikuwa na "lina umbijani" na "lina stomata". Mishale miwili iliyobaki ilisema kwamba mizizi iko kwenye udongo na kwamba udongo una maji. Hakuna kauli hata moja ya uongo. Kwa kuhesabu kauli sahihi, mvulana huyu anapata 13.

Ya pili ilikuwa ya msichana, ina mishale 10 na imefutwafutwa hadi karatasi imekwanguka. Aliandika: mizizi hufyonza kutoka kwenye udongo maji, maji hupanda kupitia shina hadi kwenye jani, kabonidayoksaidi huingia kwenye jani kupitia stomata, jani lina umbijani, umbijani hunasa mwanga wa jua, mwanga wa jua hubadilika kuwa glukosi, maji hutumika kutengeneza glukosi, glukosi huhifadhiwa kama wanga, jani hutoa oksijeni, na mwisho, kwa mshale mnene uliokatiza ukurasa mzima, udongo huupa mmea wa kijani chakula. Kauli ya mwisho si sahihi, na ile ya mwanga kuwa glukosi ina walakini. Kwa kuhesabu, msichana huyu anapata 8.

Nilipopitisha miunganisho yangu sita, picha iligeuka. Mvulana alipata 1 kwa safari ya maji, kwa kuwa mizizi, udongo na maji vimefuatana lakini hakuna kinachosogea kuelekea kwenye jani. Alipata 2 kwa oksijeni. Kwingine kote alipata sifuri: umbijani na mwanga vyote vipo kwenye ukurasa lakini havijakutanishwa, stomata na kabonidayoksaidi vivyo hivyo, glukosi na wanga vimetajwa kama vitu viwili vinavyotengenezwa kila kimoja kivyake. Jumla ni 3 kati ya 18. Msichana alipata 3 kwa safari ya maji, 3 kwa kuingia kwa kabonidayoksaidi, 3 kwa umbijani na mwanga, 1 kwa utengenezaji wa glukosi kwa sababu alitaja maji peke yake, 3 kwa glukosi kuwa wanga, na 2 kwa oksijeni. Jumla ni 15.

Ramani ya mvulana ina umbo ambalo walimu wengi watalitambua: kitovu kimoja na mishale inayotawanyika pande zote. Njia ya haraka ya kupima umbo hilo ni kuufunika mduara wa kati kwa kidole. Kwake yeye, ukiufunika Mmea wa kijani, vinabaki vipande viwili: jani na vilivyomo, mizizi na udongo wake, na mengine yote yanaelea. Kwa msichana, ukiufunika mduara huohuo, simulizi nzima ya chakula bado inasomeka.

Hata hivyo alama 3 kati ya 18 ni hukumu nzito, na sikuwa tayari kuiandika bila kumsikia mhusika. Nilimwita mvulana, nikamwonyesha neno umbijani kwenye karatasi yake, nikamuuliza lina kazi gani. Akajibu bila kusita, "Linakamata mwanga, Mwalimu." Nikamuuliza mbona hakuchora mshale kutoka kwenye umbijani kwenda kwenye mwanga. Akasema alidhani mishale yote lazima ianzie katikati. Alikuwa anajua zaidi ya alivyochora, na kilichomzuia hakikuwa sayansi bali desturi ya kuchora. Tangu wakati huo darasa langu huanza kwa ramani ya jambo wanalolijua sana, kama vile kupika ugali kwa unga, maji, moto, sufuria na mwiko, na hapo nasisitiza kwamba mshale unaweza kuanzia popote. Ramani hiyo ya mazoezi siipi alama. Bila hatua hiyo, ramani ya kwanza ya somo hupima zaidi kama mtoto ameelewa zoezi kuliko kama ameelewa mada.

Sehemu ngumu zaidi ilikuwa kauli ya msichana kwamba mwanga wa jua hubadilika kuwa glukosi. Mwalimu mwenzangu, tuliyekuwa tukisahihisha naye ramani zilezile kila mtu kwa karatasi yake kabla ya kulinganisha, aliipa 2 kwa kipimo kilekile cha 0 hadi 3, ingawa haimo kwenye miunganisho sita. Hoja yake ilikuwa kwamba bila mwanga hakuna glukosi, na kwamba nishati ya mwanga kweli huishia ndani ya glukosi. Mimi niliipa 1. Nishati ya mwanga huhifadhiwa katika glukosi, lakini mwanga haugeuki kuwa glukosi. Glukosi ni kitu chenye uzito, na uzito wake hutoka kwenye maji na kabonidayoksaidi. Ukiandika glukosi kama C6H12O6, zile atomi 6 za kaboni zote zilitoka hewani. Kauli ya msichana inachanganya nishati na maada, na mchanganyiko huo hausikiki sikioni kwa sababu sentensi imenyooka na imekaa vizuri. Tulikubaliana hatimaye kwamba 1 ndiyo inayostahili, na kwamba kitenzi ndicho kilichoiponza: "husaidia kutengeneza" kingepata 2, na "hutoa nishati ya kutengeneza" kingepata 3. Mara nyingi tofauti zetu mimi na mwenzangu hazikuhusu kauli za uongo bali kauli za aina hii, ambazo ni kweli ukizisoma kwa huruma na si kweli ukizisoma kwa makini. Tuliamua tusome kile kilichoandikwa, kisha tumuulize mwanafunzi alichokusudia, na majibu hayo mawili tuyaandike mbalimbali.

Baada ya mwanga, nikarudi kwenye ule mshale mnene wa udongo. Ungeweza kuupiga mkasi mwekundu na kuendelea. Lakini msichana huyohuyo alikuwa ameandika kwamba maji hutumika kutengeneza glukosi, nayo glukosi huhifadhiwa kama wanga. Ramani yake ilikuwa na simulizi mbili za chakula zinazoishi jirani bila kujuana, na nilitaka kujua kwa nini ya zamani haijahama. Nikamwita.

"Hebu nisomee mshale huu," nikamwambia.

"Udongo huupa mmea chakula."

"Chakula gani, mwanangu?"

"Mbolea, Mwalimu."

"Na hii glukosi uliyoandika huku juu?"

"Hiyo nayo ni chakula."

"Imetengenezwa kwa nini?"

"Kwa maji na mwanga."

Nikaweka kidole kwenye mduara wa kabonidayoksaidi. Ulikuwa na mshale mmoja tu, ule unaoingia kwenye jani kupitia stomata, na baada ya hapo hapakuwa na njia. "Hii ikishaingia ndani ya jani inakwenda wapi?"

Akafikiri kidogo. "Inageuka oksijeni, inatoka."

Jibu hilo lilikuwa na thamani kuliko alama zote nilizokuwa nimemwandikia. Kwake yeye, kabonidayoksaidi ni mgeni anayeingia kwa mlango mmoja na kutokea mlango uleule akiwa amebadili nguo; hakuna anachokiacha ndani. Ikiwa hewa haiachi kitu ndani ya mmea, basi mwili wa mmea lazima uwe umetoka mahali pengine, na mahali panapobaki ni udongoni na kwenye maji. Mshale wa uongo wa udongo ulikuwa unashikiliwa na mshale ambao haukuwepo kabisa, ule wa kutoka kabonidayoksaidi kwenda glukosi. Nisingeona hilo kwa kusahihisha kilichoandikwa peke yake. Ndiyo maana nikimaliza kusoma mishale iliyochorwa huutazama kila mduara na kujiuliza kama una njia ya kuingia na njia ya kutoka. Mduara wenye njia ya kuingia tu, katika mada ya mchakato, ni mahali ambapo uelewa umekwama, isipokuwa kama ni zao la mwisho, kama wanga na oksijeni katika ramani hii.

Kosa hili lina ukoo wa heshima, nami nilimweleza hivyo ili asijione mjinga. Jan Baptista van Helmont, katika kazi iliyochapishwa mwaka 1648 baada ya kifo chake, alieleza jinsi alivyopanda mche wa mti katika chombo chenye udongo aliokuwa ameukausha na kuupima, akaumwagilia maji tu kwa miaka 5. Mti uliongezeka uzito kwa takriban kilo 74, lakini udongo ulipungua kwa gramu 57 hivi. Aliona wazi kwamba mti haukula udongo. Kisha akahitimisha kwamba uzito wote ulitokana na maji, kwa kuwa na yeye hakuwa na mshale kutoka hewani. Kuhusu oksijeni inayotoka, majaribio ya mwaka 1941 ya Samuel Ruben, Martin Kamen na wenzao, waliotumia maji yenye oksijeni nzito, yalionyesha kwamba hutoka kwenye maji. Hilo sikulidai kwenye ramani ya darasa la sita, na mwanafunzi aliyeandika kwamba oksijeni hutoka kwenye kabonidayoksaidi nilimpa 1 na kumwekea alama ya kuuliza pembeni, kwa sababu kwa kiwango chake amejaribu kufuatilia kitu kimoja hadi mwisho, jambo ambalo wengi hawakulijaribu.

Kina cha uelewa basi nakitafuta mahali pawili. Kwanza ni kwenye viungo mtambuka, yaani mishale inayovuka kutoka tawi la mizizi na maji kwenda tawi la jani na hewa. Mwanafunzi mmoja aliandika kwamba maji yakipungua stomata hufunga na kabonidayoksaidi haiingii. Maneno hayo yanavuka matawi mawili na yana sababu ndani yake. Sikuwa nimeyafundisha, naye alisema aliona mahindi ya shambani kwao yakijikunja majani mchana wa jua kali, akauliza nyumbani. Mshale huo haumo kwenye miunganisho yangu sita, nao una safu yake pekee kwenye daftari. Pili ni katika uwezo wa kujibu swali la "ikiwa" kwa kutumia ramani yake mwenyewe. Namwambia mwanafunzi aufute mduara mmoja, tuseme stomata, kisha anieleze ni kauli zipi nyingine zitakufa. Aliyekariri hutaja kauli zile tu zinazogusa mduara ule. Aliyeelewa hufuata mishale hadi kwenye glukosi na wanga, na wengine hufika kwenye jaribio la iodini la kupima wanga wakasema kwamba jani lile halitageuka kuwa la bluu-nyeusi.

Kwa darasa kubwa siwezi kuwaita wote. Nasoma miunganisho sita kwa kila karatasi, kazi ambayo ni nyepesi ukishaizoea, kisha nawaita wale tu ambao ramani zao zina kauli mbili zinazopingana, mduara wa katikati ya mchakato usio na njia ya kutoka, au alama ndogo mno kuliko ninavyowajua darasani. Kauli za uongo sizitoi kwenye jumla; naziandika kwenye mstari wake. Nikizitoa, watoto hujifunza haraka kuandika "una" na "unahitaji" ili wasikosee, na hapo ramani zao zinakuwa safi na hazinionyeshi chochote.

Baada ya wiki chache za kufundisha tena sehemu ya hewa, niliwapa swali lilelile na maneno yaleyale bila kuwaonyesha ramani za mwanzo. Msichana wangu alichora mshale mpya: kabonidayoksaidi huungana na maji ndani ya jani kutengeneza glukosi. Muunganisho huo ukapanda kutoka 1 hadi 3. Mshale wa mwanga sasa ulisema "hutoa nishati". Mshale wa udongo ulikuwa bado upo, umekuwa mwembamba, na juu yake aliandika "huupa mmea madini na chakula". Niliupa 1, kwa sababu ya madini, nikamwandikia pembeni: Tofauti ya chakula hiki na glukosi ni nini? Kwenye daftari langu nimeandika kwamba somo lijalo lianze na mbolea, na kwamba nimwulize yeye kwanza.